Baka la Kwanza Halikuwemo Kwenye Picha

Picha ilipigwa saa saba usiku, katika chumba cha hosteli cha watu wanne maeneo ya Ubungo, chini ya taa ya njano, kwa kamera ya mbele ya simu. Nayataja haya mapema kwa sababu kila kimoja, saa ile, taa ile na kamera ile, kilichangia kumnyima kijana usingizi wiki nzima.

Ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa uhandisi. Wenzake chumbani wanamwita Injinia, nami nitamwita hivyo hivyo, kwa kuwa aliomba jina lake lisitoke gazetini. Ilikuwa Aprili 2025, mvua za masika zikiendelea Dar es Salaam. Usiku ule alikuwa akivua fulana akaona kifuani na tumboni vimejitokeza vibaka vidogo vya mviringo mrefu, vingine vikielekea ubavuni. Vilikuwa na rangi ya kahawia iliyokolea kuliko ngozi yake, na viliwasha kwa mbali. Alipojigeuza mbele ya kioo aliona mgongoni viko vingi zaidi.

Mtu mwingine angelala, asubuhi akatafuta duka la dawa. Injinia alikuwa na bando lililokaribia kuisha muda wake. Akapiga picha.

Aliandika mtandaoni maneno matatu ya Kiingereza yenye maana ya upele, mviringo na kifua, akafungua sehemu ya picha. Majibu yakaja kwa mamia. Mwezi Machi Wizara ya Afya ilikuwa imetangaza wagonjwa wa kwanza wa mpox nchini, na nchi nzima ilikuwa ikiongea habari hiyo, kwa hiyo haikuwa ajabu kwamba picha alizozitolea macho kwanza zilikuwa za mpox. Hizo aliziondoa mwenyewe baada ya nusu saa ya hofu, maana zilikuwa na malengelenge magumu yenye kishimo katikati, na yeye hakuwa na lengelenge hata moja. Ndipo akafanya jambo lililomponza. Alikata kipande cha picha yake chenye baka moja tu, akakiweka katika huduma ya kutafuta kwa picha, akaiomba simu imtafutie kinachofanana nacho.

Ikamletea kaswende, kaswende ya hatua ya pili, ile inayotoka mwili mzima wiki kadhaa baada ya kidonda cha kwanza kupona. Chini yake kulikuwa na maelezo kwamba kidonda hicho huwa hakiumi na wengi hawakioni kabisa. Kijana aliyekuwa akijitetea moyoni kwamba hajawahi kuwa na kidonda akaishiwa hoja. Akateremka zaidi, akakuta vipele vya maambukizi mapya ya VVU, vinavyoweza kutokea kati ya wiki ya pili na ya nne tangu mtu aambukizwe. Akaanza kuhesabu kurudi nyuma, akafika likizo ya Februari na binti mmoja ambaye kwa sasa hawaongei. Hesabu haikukaa sawa, ilizidi kwa wiki tatu hivi. Lakini mtu mwenye hofu saa nane usiku hukunja hesabu mpaka ikubali.

Siku zilizofuata aliishi kama mtu aliyeshahukumiwa. Alivaa mashati ya mikono mirefu katika joto la Dar. Aliacha kutumia beseni la pamoja, akawaambia wenzake limetoboka. Kila baada ya kipindi aliingia msalani akakagua viganja, kwa kuwa alisoma kwamba kaswende hupenda viganja na nyayo. Asubuhi na jioni alioga maji ya moto yenye chumvi, akajisugua kwa sabuni ya kuua vijidudu, na baada ya kila kuoga vibaka vikawa vyekundu kidogo, vikawasha zaidi. Naye akaandika kwenye simu: siku ya nne, ugonjwa unasambaa.

Hapa inabidi tuutetee mtandao kidogo. Picha alizoonyeshwa hazikuwa za uongo. Ile ya kaswende ilikuwa kaswende kweli. Na jibu lake sahihi lilikuwemo pia, tena si mbali, aliliona usiku ule ule na kulipita kwa kidole gumba. Alinisimulia alivyokumbuka baadaye: mgongo wa mzungu, una mabaka ya waridi hafifu. Aliyaangalia, akatazama kifua chake cheusi, akaona hakuna uhusiano wowote, akaendelea.

Ugonjwa wenyewe unaitwa pitiriasisi rozea. Jina hilo ulipewa na daktari Mfaransa, Camille-Melchior Gibert, mwaka 1860, na wagonjwa aliowatazama Paris walikuwa na ngozi ambayo uvimbe mdogo huifanya kuwa ya waridi. Katika ngozi nyeusi waridi haionekani. Baka hilo hilo linakuwa la kahawia nzito, la kijivu, au zambarau iliyofifia. Zaidi ya hapo, kwa watu weusi huwa linatoka mara nyingi zaidi kama vipele vilivyoinuka, wakati mwingine hadi usoni, na likipona huacha doa jeusi. Ukikusanya picha za vitabu vya tiba na zile za mtandaoni zilizotokana navyo, nyingi ni za ngozi nyeupe. Kwa hiyo kijana wa Kitanzania anayelinganisha kwa rangi ana nafasi kubwa ya kuupita ugonjwa wake mwenyewe na kuukaribisha wa jirani.

Rangi ilikuwa nusu tu ya tatizo. Nusu ya pili ilifanywa na simu, na mimi naiona ndiyo nzito zaidi.

Kamera za mbele za simu nyingi hulainisha ngozi bila kuulizwa. Zimetengenezwa ili uso uonekane vizuri, basi chochote kidogo kilichokwaruza, chunusi, unga wa ngozi kavu, kinyweleo, hufutwa au hufifishwa. Usiku, penye mwanga haba, simu huongeza ung'avu na kulainisha mara ya pili ili kuondoa chengachenga. Taa ya njano nayo ilikuwa imeshabadilisha kahawia kuwa wekundu wa shaba. Sasa, baka la pitiriasisi rozea lina alama moja inayolitambulisha: ndani kidogo ya ukingo wake kuna duara la magamba membamba sana, yaliyoshika upande wa nje na kuachia upande wa katikati. Magamba hayo ni membamba kuliko karatasi ya sigara. Simu iliyafuta. Ikabaki picha ya baka laini, lenye rangi ya shaba, lisilo na magamba, yaani picha inayofanana kabisa na maelezo ya vitabuni ya kaswende ya hatua ya pili. Kifaa kilikuwa kimefuta ushahidi uleule ambao ungemaliza kesi.

Aliyemtoa gizani ni mwenzake wa kitanda cha juu, aliyemsikia akijikuna usiku. "Kaka, hilo si beseni," alimwambia. "Kesho twende zahanati, mimi nitakaa nje." Walienda na kadi ya bima, wakasubiri kwenye benchi, wakaingizwa chumba cha mwisho, kwa mama mmoja wa makamo ambaye wanafunzi wote humwita daktari. Kwa cheo ni afisa tabibu aliyekwenda kujiendeleza katika magonjwa ya ngozi na ya zinaa huko Moshi, kwenye kituo cha kanda cha mafunzo ya ngozi kilichopo KCMC tangu 1992. Kituo hicho kilianzishwa kwa sababu iliyo wazi: madaktari bingwa wa ngozi ni wachache mno katika ukanda huu, na anayekutana na mgonjwa wa ngozi kwanza ni tabibu wa zahanati.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba, mwanangu. Nini kinakusumbua?"

Injinia hakueleza. Alimpa simu, picha ikiwa imeshafunguliwa. Mama akaitazama kwa sekunde chache, akailaza mezani kioo kikiwa chini. "Vua shati, simama pale dirishani, unipe mgongo."

Jambo la kwanza alilotazama, kwa maelezo aliyonipa mwenyewe, halikuwa baka lolote. Alirudi nyuma hatua mbili akautazama mgongo wote kwa pamoja. Vibaka vilikuwa virefu kidogo, na urefu wa kila kimoja ulifuata mkondo wa mbavu: kutoka uti wa mgongo vikiteremka kwa mshazari kulia na kushoto, kama njiti za kuti la mnazi zinavyotoka kwenye upongo. Vitabu hutaja mti wa Krismasi, lakini yeye anasema huko Moshi walifundishana kwa kuti na hakuna aliyesahau. Kuti halionekani kwenye picha ya baka moja. Injinia alikuwa amelikata kwa mkasi wake mwenyewe alipopunguza picha.

Kisha likaja swali.

"Lipi lilitangulia?"

"Yametoka yote pamoja, daktari. Usiku mmoja."

"Kabla ya usiku huo hukuwa na chochote?"

"Sikuwa nacho." Akasita. "Nilikuwa na fangasi tu, hapa ubavuni. Lakini lile ni jambo jingine, nilishanunua dawa."

"Lilipona?"

"Bado."

Mama akamwinua mkono wa kushoto. Chini ya kwapa, upande wa ubavu, palikuwa na baka moja kubwa kuliko sarafu ya shilingi mia mbili, ukingo umeinuka, katikati pamepauka. Lilikuwa limetangulia kwa siku kumi na kitu. Muuza duka la dawa alimwambia ni fangasi, akamuuzia krimu, na baka lilipokataa kuondoka Injinia alilisahau. Hakulipiga picha, hakuliandika popote, na usiku wa hofu halikumjia akilini hata mara moja.

Na hilo ndilo baka tangulizi. Kwa wagonjwa wengi wa pitiriasisi rozea hutoka baka moja kubwa kwanza, la sentimita mbili hadi kumi, mara nyingi kifuani, mgongoni au ubavuni. Hukaa peke yake kwa siku chache mpaka wiki mbili, kisha hufuata kundi la vidogo. Kwa kuwa lina ukingo na katikati pamepungua, karibu kila mtu hulichukulia kuwa choa. Ukimweleza tabibu mwenye uzoefu mfuatano huo, moja kubwa kisha mengi madogo, umeshampa zaidi ya nusu ya jibu kabla hajavaa glavu. Picha haina namna ya kusema lipi lilianza. Inaonyesha usiku mmoja tu, na huduma ya kutafuta kwa picha hailinganishi siku na siku, hulinganisha umbo na rangi.

Akachukua baka dogo la mgongoni, akalivuta ngozi kwa vidole viwili, kila kimoja upande wake, huku mwanga wa dirisha ukilipiga kwa pembeni. Yale magamba membamba yakajikunja na kusimama, yameshika nje na kuning'inia ndani. Alimwita mwenzake wa Injinia aliyekuwa nje aje aone, akaupiga mgongo picha kwa kamera ya nyuma, karibu na dirisha, bila tochi. Ndiyo mara ya kwanza Injinia aliuona ugonjwa wake ulivyo.

Baada ya hapo mama alikagua vitu ambavyo mgonjwa hakuvitegemea. Alitazama viganja na nyayo, akafungua kinywa na kumulika ndani ya mashavu, akapapasa tezi za shingoni, kwapani na kwenye kinena, akauliza kuhusu sehemu za siri na kuzitazama. Aliuliza kama alikuwa na homa, koo kuuma au nywele kunyonyoka, na kama alikuwa ametumia dawa yoyote mpya mwezi huo, kwani zipo dawa zinazoweza kuleta upele wa sura hii hii. Kote majibu yalikuwa hapana. Alikwangua magamba kidogo kutoka baka kubwa, akayapeleka maabara yakawekwe kwenye tone la potasiamu haidroksaidi na kutazamwa kwa hadubini. Nyuzi za fangasi hazikuwepo.

Akamwambia upele huu haufanani na wa kaswende. Halafu akasema jambo lililomrudishia Injinia jasho. "Sasa tutapima damu. Kaswende na VVU."

"Daktari, si umesema si kaswende?"

"Nimesema haifanani. Ninapima ili nisiwe nabahatisha."

Nimeizungumzia sehemu hii na mama huyo kwa kirefu, kwa sababu wasomaji wengi wangeiona kama kigeugeu. Anasema kaswende ya hatua ya pili ina tabia ya kuiga upele mwingine, na unaoigwa kirahisi ni huu. Mara nyingi haiwashi, hupenda viganja na nyayo, huacha utando mweupe kinywani, lakini yupo mgonjwa ambaye hana hata kimoja cha hivyo. Kwa kijana yeyote anayefanya mapenzi, kipimo cha haraka cha tone la damu ni cha dakika kumi na tano hadi ishirini, na katika hatua hiyo ya pili damu inakuwa imeshajaa viashiria, hivyo kipimo hukosea kwa nadra. Kingetoka chanya, tiba ya kuanzia ni sindano ya benzathini penisilini yuniti milioni 2.4, mara moja, na mwenzi naye aitwe. Kwa VVU hali ni tofauti kidogo: kipimo hasi hakitoshi kama tukio la hatari ni la wiki chache zilizopita, hurudiwa ikifika miezi mitatu. Injinia aliambiwa hivyo bila kuzungushwa, akarudia mwezi Mei kama alivyoelekezwa.

Vyote vilitoka hasi, Aprili na Mei. Hofu yake haikuwa na msingi, ila kupima kulikuwa na msingi. Mambo haya mawili tunayachanganya sana. Mtu akishatulizwa kwamba alikuwa anajitisha bure, huona hata kipimo kilikuwa bure.

Tiba ilikuwa ndogo kiasi cha kumkatisha tamaa. Hakuna dawa ya kuondoa pitiriasisi rozea, wala haihitajiki. Inadhaniwa inatokana na virusi vya jamii ya malengelenge, vile vya aina ya sita na ya saba, ambavyo karibu kila mtu huvipata utotoni na kubaki navyo vikiwa vimelala. Hutokea zaidi kwa watu wa miaka kumi hadi thelathini na mitano, na huisha yenyewe baada ya wiki sita hadi nane, kwa wengine kumi na mbili. Hakuna haja ya kutenga beseni, taulo wala kitanda. Mama alimwandikia losheni ya kalamini na vidonge vya setirizini, kimoja usiku, kwa ajili ya muwasho. Maji ya moto, chumvi na sabuni kali alivipiga marufuku, kwa sababu hukausha ngozi na kuiamsha, na huko kusambaa alikokuwa akikuandika kila siku kulitokana kwa sehemu na kuoga kwake. Sehemu iliyobaki ni mwendo wa kawaida wa ugonjwa, maana vibaka vipya huendelea kutoka kwa wiki moja au mbili za mwanzo hata ukikaa kimya.

Krimu ya duka la dawa aliitaka aione. Ilikuwa ya mchanganyiko: ya fangasi, ya bakteria na steroidi kali ndani ya tyubu moja. Krimu hizi zimejaa mitaani na watu huzisifu kwa sababu steroidi hukata muwasho siku ileile. Baka la Injinia lingekuwa choa kweli, steroidi ingepunguza wekundu huku fangasi akitambaa chini kwa chini, na baada ya wiki chache hata tabibu angepata shida kulitambua. Kwa bahati alikuwa amelipaka siku tano tu.

Nilimuuliza mama kama anachukia wanafunzi wanaokuja na picha. Alicheka. Anasema picha anazitaka, ila zipigwe inavyostahili: mchana, karibu na dirisha, kwa kamera ya nyuma, bila tochi na bila kichujio, moja ya mbali inayoonyesha mgongo au kifua kizima, nyingine ya karibu yenye sarafu pembeni ya kuonyesha ukubwa. Na ipigwe siku baka la kwanza lilipotoka, hata kama linaonekana la kipuuzi, kwa kuwa tarehe iliyomo kwenye picha hiyo ina thamani kuliko picha yenyewe. Upele unaokuja na homa kali, malengelenge, vidonda vya mdomoni au machoni, hasa kwa mtu aliyeanza dawa mpya, haupigwi picha, unakimbizwa hospitali saa hiyohiyo. Baka lisilohisi mguso wala baridi nalo lina njia yake, kwa kuwa ukoma bado upo na dawa zake hutolewa bure. Na mama mjamzito mwenye upele kama wa Injinia, hasa miezi ya mwanzo, asikae nyumbani akisubiri uishe.

Alirudi zahanati mwishoni mwa Mei, safari hii bila msindikizaji. Vibaka vilikuwa vimekauka, muwasho umekwisha, lakini mgongo ulikuwa na madoa meusi kila palipokuwa na baka. Alikuwa ameshaona mtandaoni krimu ya kuyang'arisha na alitaka kujua kama anunue.

"Ina nini ndani?"

"Haijaandikwa, daktari."

"Basi usiipake. Madoa yatafifia yenyewe, yape miezi mitatu, kwa wengine sita. Ukiona baka jipya linatoka baada ya miezi mitatu, uje, hapo tutachukua kipande cha ngozi tukipime."

Injinia akauliza kama atume picha au aje mwenyewe.

"Uje," akasema, na kuita namba inayofuata.